Mti Ulioelemea Upande Mmoja Unachelewa Wapi Hasa?

Skrini ilikuwa na madirisha mawili, kila moja likiingiza namba kwenye mti wa utafutaji wa bainari kisha kuusoma; mti wa dirisha la kulia ndio ulioelemea upande mmoja. Yote mawili yalikuwa yamemaliza kuchapa namba zilezile, kutoka 1 hadi 20,000, kwa mpangilio uleule, bila tofauti ya hata mstari mmoja. Dirisha la kushoto lilimaliza kabla hatujakaa vizuri. La kulia lilitungojesha. Lilibaki tupu kwa muda, kisha ghafla namba zikamwagika kwa kasi ileile ya mwenzake.

Kijana ninayemfundisha programu akanigeukia.

"Mwalimu, kusoma mti ni kupita kwenye kila nodi. Nodi ni zilezile elfu ishirini. Sasa umbo la mti linachelewesha nini?"

Jibu la haraka lipo, na kila aliyesoma miti ya utafutaji ya bainari analijua: mti ukielemea upande mmoja, mambo yanakwenda polepole. Lakini hilo halikuwa swali lake. Aliuliza ni hatua ipi inayochelewa. Nilimwomba anipe muda, na kwa wiki kadhaa swali lile halikuniacha, kwa sababu kila nilipojaribu kuweka kidole mahali penye ucheleweshaji, niliukuta umehamia kwingine.

## Namba saba, miti miwili

Tuchukue namba saba tu, maana kwa saba unaweza kufuatilia kila hatua kwa macho.

Kanuni ya mti mnaijua. Namba mpya inaanzia kwenye mzizi. Ikiwa ndogo kuliko nodi iliyopo inakwenda kushoto, vinginevyo inakwenda kulia, na inaendelea kushuka hivyo hadi ipate nafasi iliyo wazi.

Namba zikifika kwa mfuatano huu: 50, 30, 70, 20, 40, 60, 80, mti unakaa wima. 50 iko juu, 30 na 70 ziko chini yake, na zile nne zilizobaki zinajaza safu ya tatu. Kimo chake ni nodi tatu.

Namba hizohizo zikifika zikiwa zimekwisha kupangwa, 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80, kila moja ni kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kwa hiyo kila moja inashuka kulia, kulia, kulia, hadi mwisho. Hakuna nodi yenye mtoto wa kushoto. Kimo ni saba. Kwa jina ni mti, kwa umbo ni mnyororo.

Sasa isome miti yote miwili kwa utaratibu wa kushoto kwanza, kisha nodi yenyewe, kisha kulia. Yote miwili inatoa 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80.

Hilo si jambo la bahati. Simama kwenye nodi yoyote. Kila kilicho chini yake upande wa kushoto ni kidogo kuliko yenyewe, na kila kilicho upande wa kulia hakiwi kidogo kuliko yenyewe. Si watoto wake wa karibu tu, ni tawi lote. Basi ukimaliza upande wote wa kushoto kabla ya kuichapa nodi hiyo, umekwisha kuchapa vyote vilivyopaswa kuitangulia katika tawi lake. Na ndani ya tawi la kushoto kanuni ni ileile, na ndani ya vitawi vyake pia, hadi unapofika kwenye nafasi tupu ambako hakuna cha kuchapa. Hoja inasimama bila kuuliza mti una umbo gani.

Maneno "tawi lote" ndiyo yenye uzito hapo. Nimeona programu nyingi za kukagua miti zinazolinganisha kila mzazi na watoto wake wawili tu, kisha zinatangaza kwamba mti ni halali. Weka 50 juu, 30 kushoto kwake, kisha 60 kama mtoto wa kulia wa 30. Kila mzazi anaelewana na mtoto wake: 30 ni ndogo kuliko 50, na 60 ni kubwa kuliko 30. Lakini 60 iko kwenye tawi la kushoto la 50. Ukiusoma mti huo unapata 30, 60, 50. Ndiyo maana ukaguzi bora wa mti ni kuusoma na kutazama kama kuna namba iliyorudi nyuma.

## Tafuta alama ya ulinganisho

Kilichonifungua macho ni kuitazama tena funksheni ya kusoma, ambayo nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa sitazami tena.

```python
def soma(nodi):
    if nodi is None:
        return
    soma(nodi.kushoto)
    print(nodi.namba)
    soma(nodi.kulia)
```

Tafuta humo mahali ambapo namba mbili zinalinganishwa.

Hapapo.

Funksheni inayotoa orodha iliyopangwa haijui kabisa ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Haiulizi. Ungeweza kuweka majina ya watu, tarehe, au kitu chochote chenye mpangilio, na isingebadilika hata herufi moja. Kazi ya kupanga ilikwisha kufanyika kabla haijaitwa. Ilifanyika pale kila namba iliposhuka kutafuta nafasi yake. Kusoma ni kukusanya tu kilichokwisha kupangwa.

Kwa hiyo hesabu yote ya ulinganisho iko kwenye kuingiza. Tuihesabu kwa namba zetu saba. Katika mti wima, 50 haikulinganishwa na yeyote. 30 na 70 zililinganishwa mara moja moja. Zile nne za chini zililinganishwa mara mbili mbili. Jumla ni 10. Katika mnyororo, 20 haikulinganishwa, 30 mara moja, 40 mara mbili, na kuendelea hadi 80 iliyopita kwa wenzake wote sita. Jumla ni 21.

Kumi dhidi ya ishirini na moja hakutishi mtu. Shida ni namna tofauti hiyo inavyokua. Kwenye mnyororo, jumla ni `n(n-1)/2`. Kwa namba 1,000 ni 499,500. Kwa namba 20,000, zile za skrini yetu, ni 199,990,000. Hapo ndipo dirisha la kulia lilipokuwa wakati sisi tunatazama skrini tupu. Lilikuwa halijaanza kusoma chochote. Lilikuwa linaingiza.

Namba 1,000 hizohizo zikifika zikiwa zimechanganywa kwa bahati nasibu, wastani wa jumla ya ulinganisho ni kama 11,000. Yaani kila namba inalinganishwa na wenzake 11 hivi kabla ya kupata nafasi, badala ya mia tano.

Waliozoea kupanga kwa njia ya Tony Hoare, ile ya kuchagua namba moja na kuzigawa nyingine kuwa ndogo upande huu na kubwa upande ule, watakuwa wameshaona undugu. Mzizi wa mti ndiyo namba ya kugawia. Ukichagua kila mara namba ya kwanza kuwa ya kugawia, na kuziacha nyingine katika mfuatano wake wa awali, ulinganisho unaofanyika ni uleule wa kujenga mti, jozi kwa jozi, ila kwa zamu tofauti. Na udhaifu ni uleule: ukiipa orodha iliyokwisha kupangwa, inataabika.

## Basi kusoma hakuchelewi?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Jibu lilionekana limekamilika: kuingiza ndiko kunakochelewa, kusoma hakuna kosa. Lakini nilitaka kuliona kwa hesabu.

Mti wenye nodi saba una viungo sita, kwa kuwa kila nodi isipokuwa mzizi ina kiungo kimoja cha kuiunganisha na mzazi wake. Msomaji anashuka kila kiungo mara moja na kukipanda mara moja. Hatua kumi na mbili. Hesabu viungo vya mti wima: sita. Hesabu vya mnyororo: sita. Umbo haliongezi kiungo wala halipunguzi. Kwa nodi 20,000 ni hatua 39,998, mti uwe wima, uwe umelala, uwe umepinda vipi.

Kwa hiyo ni kweli. Ukisoma mti wote kwa mkupuo mmoja, umbo halibadilishi idadi ya hatua.

Sentensi hiyo ina masharti mawili ndani yake, "wote" na "kwa mkupuo mmoja". Yalinichukua muda kuyaona.

## Kina cha kushuka

Kabla ya masharti hayo kuna jambo lingine, ambalo halihusu idadi ya hatua bali kumbukumbu. Funksheni `soma` inajiita yenyewe. Kila inapojiita, kompyuta inaweka pembeni hali ya mwito wa awali ili irudi kuumalizia. Idadi ya miito inayosubiri kwa wakati mmoja inalingana na kimo cha mti.

Mti wima wa nodi 20,000 una safu 15, basi miito kumi na tano na ushee. Mnyororo wa nodi 20,000 unataka miito 20,000 iliyorundikana. Na Python, usipoibadilisha, inaruhusu kina cha 1,000 tu. Ukipita hapo:

```
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Namna kosa hili linavyojitokeza inakuambia mnyororo umelalia upande gani. Namba zikiwa zimefika kwa kupanda, mnyororo ni wa kulia. `soma` inachapa nodi yake kwanza ndipo inashuka kulia, kwa hiyo utaona 1, 2, 3 na kuendelea hadi karibu na elfu, kisha kosa. Namba zikiwa zimefika kwa kushuka, mnyororo ni wa kushoto. `soma` inashuka hadi chini kabla ya kuchapa chochote, na kwa kuwa haifiki chini, unapata kosa juu ya skrini tupu. Hali ya kwanza ni ya hatari zaidi, kwa maoni yangu. Matokeo yake ya mwanzo ni sahihi kabisa, na mtu anayeyaelekeza kwenye faili bila kutazama ujumbe wa kosa atabaki na faili lililopangwa vizuri lakini lisilo kamili.

Wengi wanakimbilia kuinua kikomo hicho cha 1,000. Mimi napendelea kuliondoa tatizo kwa kushika rundo mwenyewe:

```python
def soma(nodi):
    rundo = []
    while rundo or nodi:
        while nodi:
            rundo.append(nodi)
            nodi = nodi.kushoto
        nodi = rundo.pop()
        print(nodi.namba)
        nodi = nodi.kulia
```

Hii ndiyo tuliyotumia katika yale madirisha mawili. Ukiifuatilia kwa makini utagundua kwamba haiitendei miti ya pande mbili sawasawa. Rundo linabeba tu nodi ambazo tumezipita tukielekea kushoto na bado hatujazichapa. Kwenye mnyororo wa kulia hakuna kushoto, kwa hiyo rundo linapokea nodi moja, inatolewa, inachapwa, inakuja inayofuata. Halizidi nodi moja hata zikiwa milioni. Kwenye mnyororo wa kushoto rundo linazibeba zote kabla ya kuchapa ya kwanza. Mnyororo wa kulia ulioiangusha ile funksheni ya awali, hapa ndio mwepesi kuliko miti yote.

Sikutarajia hilo. Nilikuwa nimezoea kusema "mti ulioelemea" kana kwamba upande haujalishi.

## Namba inayofuata

Sasa masharti. Watu hawasomi mti wote kwa mkupuo mmoja kila wakati. Mara nyingi programu inataka namba moja, inaifanyia kazi, kisha baadaye inarudi kuuliza: ipi inayofuata baada ya hii? Kati ya maswali hayo mti unaweza kubadilika, kwa hiyo rundo la zamani haliaminiki tena. Njia ya kawaida ni kuanza upya kwenye mzizi kila mara:

```python
def inayofuata(nodi, k):
    jibu = None
    while nodi:
        if nodi.namba > k:
            jibu = nodi
            nodi = nodi.kushoto
        else:
            nodi = nodi.kulia
    return jibu
```

Matokeo yakiunganishwa ni orodha ileile iliyopangwa. Lakini hapa alama ya ulinganisho imerudi, na kila swali linashuka njia yake tangu juu.

Kwenye mti wima wa namba 20,000 kila swali linapita nodi zisizozidi 15, kwa hiyo orodha nzima inagharimu hatua zisizozidi 300,000. Kwenye mnyororo wa kulia, kutafuta inayofuata baada ya namba ya kumi ni kupita nodi kumi na moja. Baada ya namba ya 10,000 ni kupita nodi 10,001. Ni foleni ambayo kila mwenye swali hurudishwa mwanzo na kupita mbele ya watu walewale. Jumla inakaribia milioni 200.

Kwa hiyo kusoma nako kunaweza kuchelewa. Si kwa sababu ya kupita kila nodi, bali kwa sababu ya kurudi mzizini. Ukiwa na mti ambao kila nodi inamkumbuka mzazi wake, unaweza kupanda kutoka pale ulipo badala ya kuanza upya, na jumla ya hatua inarudi kuwa ileile ya viungo mara mbili.

Nilipofika hapa nikaelewa kwa nini ucheleweshaji ulikuwa ukinihama. Hauko kwenye kusoma wala kwenye kuingiza kama kazi mbili tofauti. Uko katika safari ya kutoka mzizini hadi mahali unapotaka. Kazi inayofanya safari hiyo mara moja tu haisikii uzito wa umbo. Kazi inayoifanya kwa kila namba inausikia wote.

## Mnyororo usioonekana kwenye orodha

Kijana wangu alipendekeza dawa: tukague orodha kabla ya kuingiza. Ikiwa imekwisha kupangwa, tuichanganye.

Jaribu mfuatano huu: 20, 80, 30, 70, 40, 60, 50.

Hauonekani kuwa umepangwa. Lakini uingize. 20 ni mzizi, 80 inakwenda kulia kwake, 30 kushoto kwa 80, 70 kulia kwa 30, 40 kushoto kwa 70, 60 kulia kwa 40, 50 kushoto kwa 60. Kila nodi ina mtoto mmoja tu. Ni mnyororo uliojikunja, kimo saba, ulinganisho 21, gharama ileile.

Mnyororo unatokea kila mara namba inayofika ni ndogo kuliko zote zilizobaki au kubwa kuliko zote zilizobaki. Kwa namba saba una uchaguzi wa aina mbili katika hatua sita za mwanzo, kwa hiyo mifuatano inayozaa mnyororo ni 64. Mifuatano yote ya namba saba ni 5,040. Na inayozaa ule mti wima kamili ni 80 tu. Kwa namba chache hivi, mti mzuri kabisa na mti mbaya kabisa vinakaribiana kwa uhaba.

Kwa namba 20 hesabu inabadilika sana. Mfuatano wa bahati nasibu unazaa mnyororo kamili mara moja katika zaidi ya trilioni nne. Ungesema basi hakuna cha kuogopa. Lakini data haifiki kwa bahati nasibu. Inafika kwa tarehe, kwa namba za usajili zinazoongezeka moja moja, kutoka kwenye faili ambalo mtu mwingine alikwisha kulipanga kwa nia njema. Mfuatano ambao hesabu inasema hautatokea ndio unaofika kila asubuhi.

Na namba zinazojirudia nazo ni mtego. Kwa kanuni yetu, iliyo sawa inakwenda kulia. Ingiza 50 mara elfu na umejenga mnyororo wa kulia wa nodi elfu, bila kupanda wala kushuka.

Kwa hiyo sikagui orodha. Napima kimo cha mti wenyewe. Mti wa nodi 1,000 hauwezi kuwa na kimo chini ya 10. Ukikuta 20 au 25, namba zilifika zimechanganyika vya kutosha. Ukikuta 400, kuna mnyororo humo ndani hata kama haukuanzia kwenye mzizi. Kama huwezi kuufikia mti wenyewe, pima muda kwa data ya kawaida, kisha kwa data mara mbili yake. Mti wenye afya utatumia muda mara mbili na kidogo. Mnyororo utatumia mara nne: kutoka namba 1,000 hadi 2,000, ulinganisho unapanda kutoka 499,500 hadi 1,999,000.

## Kubadili umbo bila kugusa mpangilio

Ukiwa na data yote mkononi, kuichanganya kabla ya kuingiza kunatosha. Lakini namba zikifika moja moja, huna cha kuchanganya. Inabidi mti ujirekebishe wenyewe kadiri unavyokua. Mwaka 1962 Adelson-Velsky na Landis walionyesha namna, na mti wao hadi leo unaitwa AVL kwa herufi za majina yao.

Msingi wake ni kitendo kimoja kidogo:

```python
def zungusha_kushoto(x):
    y = x.kulia
    x.kulia = y.kushoto
    y.kushoto = x
    return y
```

Kabla ya kuzungusha, msomaji angetoa tawi la kushoto la x, kisha x, kisha tawi la kushoto la y, kisha y, kisha tawi la kulia la y. Baada ya kuzungusha y iko juu na x iko chini yake kushoto. Soma tena: tawi la kushoto la x, x, lile tawi la katikati ambalo sasa limehamia kwa x, y, tawi la kulia la y. Mfuatano ni uleule. Viungo vimebadilika, na funksheni ya kusoma haiwezi kujua.

Kanuni ya AVL ni kwamba katika kila nodi, vimo vya pande mbili visitofautiane kwa zaidi ya moja. Ikivunjwa, zungusha. Wakati mwingine inabidi kuzungusha mara mbili, pale tawi linapokuwa limejikunja kama ule mnyororo wa 20, 80, 30. Kwa mnyororo ulionyooka mara moja inatosha.

Tuupe mti huu mfuatano mbaya: 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80.

20 inakaa, 30 inashuka kulia. 40 inafika, na sasa kulia kwa 20 kuna kimo cha mbili na kushoto hakuna kitu. Tunazungusha. 30 iko juu, 20 na 40 pembeni. 50 inaingia chini ya 40 bila kuvunja kanuni. 60 inaingia chini ya 50, na 40 imeelemewa. Tunazungusha hapo, si kwenye mzizi: 50 inachukua nafasi ya 40, ikiwa na 40 na 60 chini yake. 70 inaingia chini ya 60, na safari hii mzizi wenyewe, 30, umeelemewa: kushoto kimo cha moja, kulia cha tatu. Tunazungusha, na 50 inapanda kuwa mzizi. 40, iliyokuwa kushoto kwa 50, inahamia kulia kwa 30. Mwisho 80 inaingia chini ya 70, 60 inaelemewa, tunazungusha, na 70 inakaa katikati ya 60 na 80.

Tazama kilichobaki. 50 juu, 30 na 70 chini yake, 20, 40, 60 na 80 kwenye safu ya tatu. Ni mti uleule tuliopata mwanzoni kutoka kwenye mfuatano mzuri. Mizunguko minne, ulinganisho 14.

Kuna kitu kimoja kinachopotea. Katika mti wa kawaida, ambamo iliyo sawa inakwenda kulia, namba zinazofanana zinasomwa kwa utaratibu zilivyofika. Mzunguko hauvunji utaratibu huo, lakini unaweza kuiweka iliyofika mwanzo kushoto kwa mwenzake aliye sawa naye. Kuanzia hapo, funksheni ya kutafuta inayosema "zilizo sawa ziko kulia" itazikosa baadhi. Ukiwa na namba zinazojirudia, ni salama zaidi kuweka nodi moja kwa kila thamani na kuhifadhi ndani yake orodha ya zilizofika.

Kwa upande wa kimo, AVL yenye nodi 100,000 haiwezi kuzidi safu 23, namba ziwe zimefika kwa mfuatano wowote. Hata ile `soma` fupi ya mwanzo, inayojiita yenyewe, inafika chini na kurudi bila kukaribia kikomo cha Python.